Biashara ya Kutwa Katika Simu: Ni Wangapi Hupata?

Jioni moja sajini mmoja aliyerejea kutoka Somalia, alikotumikia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, alibisha hodi nyumbani kwangu. Mkono mmoja alishika simu, na mkono wa pili alishika daftari la shule la kurasa 48. Mkewe alikuwa nyuma yake, kimya. Nilipowakaribisha, sajini aliweka daftari juu ya meza akasema, "Mwalimu, nisaidie hesabu. Nimekuwa sahihi mara nyingi kuliko nilivyokosea, lakini fedha zinapungua. Nimekosea wapi?"

Siku hizi mimi ni ofisa katika ofisi ya wilaya, lakini jirani zangu hawajasahau kwamba nilisomea ualimu. Basi nikavaa miwani, nikafungua daftari. Niliyoyaona humo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii, maana najua kwamba daftari za namna hii ziko katika kambi nyingi, na nyingine hazijaandikwa kabisa.

Sajini alikuwa ametenga dola 1,000 katika posho yake ya Somalia, yaani takriban shilingi milioni 3 na nusu za Uganda. Fedha hizo mkewe alizikusudia mabati ya nyumba na karo ya mtoto wa kwanza wa sekondari. Rafiki mmoja akamwonyesha sajini programu ya simu ambayo humwezesha mtu kununua na kuuza fedha za kigeni, kama yuro na dola, mara nyingi kwa siku moja. Hii ndiyo biashara ya kutwa: mtu hununua na kuuza kitu kile kile ndani ya siku hiyo hiyo, wala haachi kitu chochote kilale usiku. Kinyume chake ni kununua hisa au hati za serikali na kuzishikilia miaka mingi. Swali ni rahisi: katika watu wa kawaida 100 wanaojaribu kila njia, ni wangapi hupata?

HESABU YA DAFTARI

Sajini aliandika kazi yake kwa nidhamu ya kijeshi. Kwa mwezi wa kwanza, siku 20 za kazi, alifanya biashara 10 kila siku. Jumla ni biashara 200. Kila mara alinunua au kuuza yuro 10,000. Katika kiasi hicho, bei ya yuro ikisogea sehemu moja ya elfu kumi ya dola, mathalani kutoka 1.1000 kwenda 1.1001, mtu hupata au hupoteza dola moja. Wafanyabiashara huiita sehemu hiyo pointi. Sajini alijiwekea sheria kwamba bei ikisogea pointi 10 upande wake, atafunga na kuchukua faida; ikisogea pointi 10 dhidi yake, atafunga na kukubali hasara.

Katika biashara 200, alikuwa sahihi mara 112 na alikosea mara 88. Hilo si jambo dogo. Mwenye kurusha sarafu hutarajia kupatia mara 100 tu. Tofauti ni biashara 24, kila moja pointi 10, yaani dola 240. Kwa nini basi akaunti yake haikuonyesha dola 1,240, bali dola 940?

Nilimwomba anionyeshe bei mbili zilizo katika simu yake. Katika programu hizo kuna bei ya kununua na bei ya kuuza, na daima ya kununua ni kubwa zaidi. Siku ile tofauti ilikuwa pointi moja na nusu. Ukinunua na kuuza dakika hiyo hiyo, bila bei kusogea hata kidogo, tayari umepoteza pointi moja na nusu, na dalali amekwisha pata chake. Sajini hakuwahi kuandika tofauti hiyo katika daftari, kwa sababu hakuna risiti inayotolewa.

Tukaandika pamoja. Dola moja na nusu kwa kila biashara, mara 10 kwa siku, ni dola 15. Mara siku 20, ni dola 300 kwa mwezi. Ndiyo kusema mtu huyu mwenye mtaji wa dola 1,000 alikuwa akilipa ushuru wa dola 300 kila mwezi ili aruhusiwe kufanya kazi. Faida yake ya ujuzi ilikuwa dola 240. Ushuru ulikuwa dola 300. Hasara ni dola 60. Alikuwa sahihi kuliko wengi, na bado alipoteza.

Mkewe alisogeza kiti chake, akatazama ukurasa, kisha akasema neno lake la kwanza jioni ile: "Kumbe alikuwa analipa kivuko mara 10 kwa siku, na kila jioni anarudi ng'ambo ile ile."

Sikuweza kueleza vizuri zaidi ya hapo.

SIKU YA IJUMAA

Hasara ya dola 60 isingemleta mtu kwa jirani usiku. Kilichomleta kilikuwa katika ukurasa wa mwezi wa pili.

Madalali wa namna hii humruhusu mtu kushika mali kubwa kuliko mtaji wake. Akaunti ya sajini ilimruhusu kushika mali mara 200 ya dhamana aliyoweka. Huu ni mfano wa wenzo: jiwe kubwa hunyanyuliwa kwa nguvu ndogo, lakini wenzo ukiteleza humpiga mwenye kuushika. Baada ya mwezi wa kwanza, rafiki yake alimshauri kwamba kosa lake ni kufanya kazi kwa kiasi kidogo. Basi Ijumaa ya kwanza ya mwezi alinunua yuro 100,000 kwa mkupuo mmoja. Kwa bei ya 1.1000 mali hiyo ilikuwa na thamani ya dola 110,000, na dhamana iliyoshikwa ilikuwa dola 550 tu. Sasa kila pointi ilikuwa dola 10.

Sajini hakujua kwamba Serikali ya Marekani hutangaza ripoti yake ya ajira kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu au saa kumi na nusu alasiri kwa saa za kwetu, kufuatana na majira ya huko. Ripoti hiyo huweza kuitikisa bei ya dola katika dakika chache. Siku ile yuro ilishuka kutoka 1.1000 hadi 1.0950. Huo ni mteremko usiofika hata nusu ya senti moja katika kila senti 100. Mwuza duka la kubadilisha fedha angeuona ni mdogo. Lakini ulikuwa pointi 50, na kila pointi dola 10. Dola 500 ziliondoka kabla chai haijapoa. Akaunti ikabaki na dola 440.

Yaliyofuata yaliandikwa kwa mwandiko mbaya zaidi. Biashara 10 kwa siku zikawa 25, baadhi yake usiku wa manane akiwa zamu. Sheria ya pointi 10 ikasahauliwa: faida zilichukuliwa mapema kwa hofu, na hasara ziliachwa ziendelee kwa matumaini kwamba bei itarudi. Hii ndiyo dalili ya kwanza ambayo mke au rafiki anaweza kuiona. Mtu anapoanza kuongeza kiasi baada ya kupoteza, hafuati tena mpango wowote. Anaidai bei impe fedha zake, na bei haina deni na mtu. Mwisho wa mwezi wa tatu akaunti ilikuwa na dola 212.

Hapo ndipo nilipoelewa sababu ya ukimya wa mkewe. Sajini alikuwa amechukua fomu ya mkopo wa shilingi milioni 10 katika ushirika wa akiba. Alitaka kurudi sokoni akiwa na mtaji mkubwa.

WABRAZILI 1,551

Huenda msomaji atasema kwamba sajini alikuwa na haraka, na kwamba mtu mwenye subira angejifunza. Hoja hiyo ni nzuri, na kwa bahati imekwisha pimwa.

Wataalamu watatu wa uchumi nchini Brazili, Fernando Chague, Rodrigo De-Losso na Bruno Giovannetti, walichunguza watu wote wa kawaida walioanza biashara ya kutwa katika soko la Brazili kati ya mwaka 2013 na 2015, katika mikataba inayofuata bei za hisa za nchi hiyo. Hawakuwauliza watu maswali, maana mtu akiulizwa hukumbuka ushindi na husahau hasara. Walitazama kumbukumbu za soko lenyewe, biashara moja baada ya nyingine.

Walioanza walikuwa watu 19,646. Waliodumu kwa zaidi ya siku 300 za biashara walikuwa 1,551 tu. Wengine wote waliacha njiani. Hao 1,551 ndio wenye subira, waliopewa nafasi ya kutosha ya kujifunza. Na katika hao, 97 katika kila 100 walipoteza fedha.

Tuwapange watu hao 1,551 katika uwanja wa gwaride. Tuamuru: kila aliyepata zaidi ya mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria ya Brazili, apige hatua mbele. Wangetoka watu 17. Tuamuru tena: kila aliyepata zaidi ya mshahara wa kuanzia wa karani wa kaunta ya benki, apige hatua nyingine. Wangesogea watu 8. Hao wengine zaidi ya 1,500 wangebaki mistarini, wakiwa wamefanya kazi siku 300 na zaidi kwa malipo ambayo hayamfikii mfanyakazi wa mshahara wa chini, na wengi wao wakiwa wamelipia kazi hiyo kutoka mifukoni mwao.

Jambo la pili walilogundua ndilo linalojibu hoja ya subira. Watu hao hawakuonyesha dalili ya kujifunza kadiri siku zilivyopita. Fundi seremala wa siku ya 300 ni bora kuliko wa siku ya kwanza, kwa sababu mbao humwonyesha kosa lake: kiungo kimelegea, meza inayumba. Bei haifundishi hivyo. Leo mtu hufuata kanuni mbaya akapata, kesho hufuata kanuni nzuri akapoteza, na hawezi kujua lipi lilikuwa ujuzi na lipi lilikuwa bahati.

Wapo wanaoweza, sitaki kumdanganya msomaji. Utafiti mwingine mkubwa wa Taiwani, uliotazama miaka ya 1992 hadi 2006, uliwakuta watu waliopata faida mwaka hadi mwaka baada ya kulipa gharama zote. Walikuwa pungufu ya mmoja katika kila 100. Nchi mbili zilizo mbali sana, masoko mawili tofauti, na jibu linakaribiana: ni wachache mno katika kila 100.

Huko Ulaya, wasimamizi wa masoko walipochunguza akaunti za watu wa kawaida wanaofanya biashara ya wenzo kama ile ya sajini, walikuta kwamba akaunti kati ya 74 na 89 katika kila 100 hupoteza fedha. Tangu mwaka 2018 madalali wa Umoja wa Ulaya wamelazimishwa kuandika katika matangazo yao ni wateja wangapi kati ya 100 hupoteza, na wenzo kwa watu wa kawaida ukapunguzwa usizidi mara 30 kwa fedha kuu. Linganisha na mara 200 za sajini. Dalali anayempa mtu wa kawaida wenzo wa mara 200 au 500 yuko mahali ambapo sheria hiyo haimfikii, na ukidhulumiwa huko hujui mlango wa kubisha.

KWA NINI MUDA HUBADILI HESABU

Sasa tutazame upande wa pili. Mtu anaponunua hisa, ananunua sehemu ya kampuni inayouza sabuni, umeme au saruji. Kampuni ikipata faida, sehemu yake hugawiwa au huongezwa katika mtaji. Hivyo wenye hisa wote kwa pamoja wanaweza kupata, maana mali yenyewe inakua. Katika kununua na kuuza yuro kwa dola jambo hilo halipo. Akipata mmoja, mwingine amepoteza kiasi kile kile, na baada ya ushuru wa dalali wote wawili kwa jumla wamepungukiwa.

Lakini ukuaji huo ni wa polepole mno kuonekana kwa siku moja. Chukua soko kubwa la hisa la Marekani, ambalo kumbukumbu zake ni ndefu. Kwa wastani wa miaka mingi limekua takriban asilimia 10 kwa mwaka, kabla ya kuondoa kupanda kwa gharama za maisha. Mwaka una siku za soko zipatazo 250. Kwa dola 1,000, ukuaji wa siku moja ni senti 40. Mtikisiko wa kawaida wa siku moja, juu au chini, huweza kufika dola 10. Anayetazama siku moja haoni ukuaji. Anaona mawimbi tu.

Kwa sababu hiyo, soko hilo limepanda takriban siku 53 au 54 katika kila 100, jambo lisilo mbali na kurusha sarafu. Ukitazama mwaka mzima, limepanda takriban miaka mitatu katika kila minne. Ukitazama vipindi vya miaka 10, pamoja na gawio, limempa faida mwenye kushikilia katika zaidi ya vipindi tisa kati ya kumi. Soko ni lile lile na hisa ni zile zile. Kilichobadilika ni muda, na idadi ya mara mtu anazolipa kivuko.

Kuhusu kivuko hicho kuna ushahidi mwingine. Brad Barber na Terrance Odean, wataalamu wa Marekani, walichunguza akaunti za kaya 66,465 za nchini mwao kati ya mwaka 1991 na 1996. Hazikuwa kaya za biashara ya kutwa, bali watu wa kawaida wenye hisa. Soko lenyewe katika miaka hiyo lilitoa asilimia 17.9 kwa mwaka, maana ilikuwa miaka mizuri. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi ziliambulia asilimia 11.4. Kwa viwango hivyo, katika miaka sita dola 1,000 za mtu aliyetulia zingekuwa takriban dola 2,686, na za mwenye pilikapilika takriban dola 1,911. Dola 775 zilipotea kwa mtu mmoja, na hakuna mwizi aliyeingia nyumbani.

KUSHIKILIA NAKO KUNA MASHARTI

Hapa ningekuwa mwalimu mbaya kama ningefunga somo. Kushikilia kwa muda mrefu si kinga ya kila jambo.

Japani ni mfano wa kukumbukwa. Mwisho wa mwaka 1989, kipimo kikuu cha hisa za Tokyo kilifika 38,915, kisha kikaanguka. Hakikurudi na kupita kiwango hicho hadi Februari 2024. Aliyeweka fedha zake zote siku ile ya kilele alingoja miaka 34, akipata gawio tu. Aliyekuwa akiweka kidogo kidogo kila mwezi hakuumia hivyo, kwa kuwa alinunua nyingi bei ilipokuwa chini. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuweka kwa awamu, si kwa mkupuo mmoja.

Sharti la pili ni kutotegemea kampuni moja. Katika hisa zote zilizopata kuuzwa katika masoko makuu ya Marekani kati ya mwaka 1926 na 2016, zaidi ya nusu zilitoa faida ndogo kuliko hati za muda mfupi za serikali, na faida yote ya ziada ya soko ilitokana na kampuni 4 hivi katika kila 100. Hapa kwetu, Umeme iliingia katika Soko la Hisa la Uganda mwaka 2012, na watu wengi wakanunua. Lakini mkataba wake wa kusambaza umeme ulikuwa na mwisho uliojulikana, tarehe 31 Machi 2025, na siku hiyo ulikoma, serikali ikachukua kazi hiyo. Mwenye kushikilia bila kusoma mkataba ule alikuwa anashikilia kitu asichokijua.

Soko letu lina kampuni zisizofika 20, na kuna siku ambazo hisa fulani haipati mnunuzi hata mmoja. Biashara ya kutwa haiwezekani humo, ndiyo maana vijana wetu hukimbilia yuro katika simu. Kwa mtu wa mshahara, mlango ulio rahisi zaidi ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambamo fedha za watu wengi hugawanywa katika mali nyingi, au hati za dhamana za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu ya Uganda kuanzia shilingi 100,000 na kulipa riba kila baada ya miezi sita. Hati hizo hazikui kama hisa nzuri, lakini mtu hujua tangu siku ya kwanza atalipwa nini na lini.

Sharti la tatu ndilo lililo zito zaidi kwa familia za kambini. Fedha inayohitajika kabla ya miaka mitano haifai kuwekwa katika hisa hata kidogo, si kwa kutwa wala kwa kushikilia. Karo ya Februari ni karo ya Februari. Uhamisho ukija ghafla, au mzazi akiugua kijijini, mtu atalazimika kuuza siku ile ile bei imeanguka. Miaka 10 humfaa tu yule ambaye hatalazimishwa kuondoka mwaka wa pili.

DAFTARI LILIPOFUNGWA

Sajini aliuliza swali moja la mwisho. "Mwalimu, mbona yule rafiki anaendelea? Kila siku anaonyesha faida katika kundi la Wasapu."

Nilimwuliza kama rafiki yule alimpa anwani maalumu ya kufungulia akaunti. Akasema ndiyo. Nikamweleza kwamba madalali wengi humlipa mtu anayewaletea mteja, na mara nyingi humlipa sehemu ya kivuko cha kila biashara mteja huyo anayofanya. Yamkini rafiki yule hapati kwa bei ya yuro. Anapata kwa idadi ya biashara za sajini. Ushauri wa kuongeza kiasi ulikuwa na manufaa kwake, bei ipande au ishuke.

Kisha nikampa kipimo kimoja, ambacho nampa pia msomaji mwenye akaunti ya namna hii. Chukua karatasi. Andika fedha zote ulizopata kuweka tangu siku ya kwanza. Toa zote ulizotoa zikafika mkononi. Toa kiasi kilichomo katika akaunti leo. Kinachobaki ndicho ulichopoteza. Usihesabu ushindi wa Jumanne, wala picha ya faida iliyo katika simu. Kama jibu ni sifuri au una ziada baada ya siku 300 za biashara, huenda wewe ni kati ya wale wachache, ingawa hata bahati huweza kudumu hivyo. Kama sivyo, uko katika mistari ya gwaride pamoja na wengine.

Sajini aliandika: 1,000 aliweka, 0 alitoa, 212 zimebaki. Jibu ni 788. Alilitazama kwa muda, kisha akachomoa fomu ya mkopo katikati ya daftari, akampa mkewe bila kusema neno. Mkewe hakuichana. Aliikunja vizuri akaiweka katika mkoba, akasema, "Tutaitumia kwa mabati, kama ushirika utakubali, na tutalipa polepole."

Dola 212 alizitoa juma lile, zikaenda kwenye karo. Tangu mwezi uliofuata, shilingi 100,000 hukatwa katika mshahara wake na kuwekwa katika mfuko wa pamoja, na wamekubaliana kutoligusa fungu hilo hadi mtoto wa mwisho amalize darasa la saba, yaani miaka tisa ijayo. Nilipowatembelea majuzi, daftari lilikuwa bado lipo juu ya kabati. Mtoto wa pili alikuwa akitumia kurasa zilizobaki kufanyia hesabu za kuzidisha.